Tumbo jeupe la papa, mabaka ya nondo: jinsi rangi inavyoficha umbo

Novemba 1896, wataalamu wa ndege walikuwa wamekusanyika kwa mkutano wao mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mchoraji mmoja, Abbott Thayer, akawatoa nje awaonyeshe kitu. Alikuwa amechomeka nyaya ardhini, na juu ya nyaya hizo, sentimita chache kutoka chini, ameweka vitu vitatu vyenye ukubwa na umbo la kiazi kitamu. Vyote alivipaka kitu cha kunata, kisha akavinyunyizia vumbi la palepale, ili rangi yake na rangi ya ardhi iwe moja. Halafu viwili vya pembeni akavipaka rangi nyeupe upande wa chini, akiichanganya taratibu na kahawia ya ubavuni kadiri alivyopanda juu. Cha katikati alikiacha na vumbi lake tu.

Watu waliporudi nyuma hatua kadhaa, vile viwili vilivyopakwa nyeupe vilipotea machoni. Cha katikati, ambacho ndicho kilichofanana kabisa na ardhi, kilibaki kinaonekana wazi, tena kikiwa cheusi kuliko kilivyo.

Ukilielewa tukio hilo umeelewa nusu ya mada hii. Wengi wetu tukisikia mnyama anajificha kwa rangi tunadhani siri ni kufanana na mahali alipo: wa majani awe kijani, wa mchanga awe wa mchanga. Kufanana kunasaidia, lakini hakutoshi. Jicho halitafuti rangi peke yake. Linatafuta umbo, na umbo lina njia mbili kuu za kujitangaza. Ya kwanza ni kivuli ambacho mwili unajitia wenyewe. Ya pili ni ukingo, yaani ule mstari ambapo mwili unaishia na mandhari yanaanzia. Kuna rangi zinazozima kivuli na kuna rangi zinazovunja ukingo, nazo ni kazi mbili tofauti, ingawa watu huzichanganya mara kwa mara.

Tuanze na kivuli. Weka yai jeupe juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Rangi ni moja, ila yai unaliona bila shida, kwa sababu upande unaoelekea mwanga unang'aa na upande wa pili umefifia. Ubongo unausoma ule mpito kutoka mwangaza kwenda giza na kusema: hiki ni kitu cha mviringo, kimetokeza. Wachoraji wanaijua kazi hii kwa mikono yao. Mduara mtupu kwenye karatasi ni mduara tu; upake mkaa upande wa chini, uulainishe kwa kidole, na papo hapo umekuwa mpira. Thayer, kwa kuwa alikuwa mchoraji, aliona kwamba wanyama wengi wanafanya kinyume cha kazi yake. Yeye alichukua kitu bapa akakifanya kionekane kimejaa. Mnyama ana mwili uliojaa, anataka uonekane bapa. Mwanga unatoka juu, unaung'arisha mgongo na kuliacha tumbo gizani. Basi mgongo ukiwa mweusi na tumbo likiwa jeupe, na mpito kati yao ukilingana na mpito wa kivuli, viwili hivyo vinafutana. Ubavu mzima unarudisha mwanga wa kiasi kimoja, na jicho halina pa kushika.

Neno la kuangalia hapo ni "kulingana". Jua la mchana lisilo na wingu huweka mpaka mkali kati ya upande wenye mwanga na upande wa kivuli, kwa hiyo linadai rangi ibadilike ghafla. Siku ya mawingu, au chini ya miti, mwanga huja kutoka pande nyingi na kivuli hufifia polepole, kwa hiyo linalofaa ni badiliko la taratibu. Rangi iliyofaa msituni yaweza kumuumbua mnyama huyohuyo akitoka mbugani saa sita mchana. Tena yote haya yanategemea mnyama akae mgongo juu. Katika bonde la mto Kongo kuna samaki mdogo wa jamii ya kambare ambaye huogelea chali kwa muda mwingi wa maisha yake. Tumbo lake ndilo jeusi, mgongo ndio uliopauka. Sijui ushahidi mfupi na mtamu kuliko huo.

Sasa papa. Mtu akitaka mfano wa mgongo mweusi na tumbo jeupe, jina linalokuja kwanza ni papa mweupe, ambaye kwa kweli ni mweupe chini tu. Juu ni wa kijivu cha jiwe. Vitabu vingi vinamweka moja kwa moja kwenye kundi la wanaozima kivuli. Mimi nina wasiwasi. Tazama picha yake ya ubavuni: kijivu hakififii kikawa cheupe. Kinakatika, kwa mstari mkali wenye mapindopindo kuanzia kichwani hadi mkiani. Baharini mwanga hutawanywa na maji ukaja kutoka pande nyingi, na kivuli cha mwanga wa namna hiyo hakina mpaka mkali. Kama kazi ya rangi ile ingekuwa kuufuta mviringo wa mwili, tungetarajia mpito laini kama ule wa viazi vya Thayer.

Linaloelekea zaidi ni kwamba papa huyu amevaa nguo mbili kwa watazamaji wawili. Anayemtazama kutoka juu anaona mgongo wa kijivu ukiwa na kilindi cheusi nyuma yake, na hapo rangi inafanya kazi vizuri sana. Katika Ghuba ya False nchini Afrika Kusini, papa weupe walipokuwa wengi waliwinda sili hasa alfajiri, mwanga ukiwa bado hafifu. Sili anaogelea juu, papa anakuja kwa kasi kutoka chini, na sili akiangalia chini anaona giza juu ya giza.

Anayemtazama kutoka chini ndiye mwenye hadithi ngumu. Tunaambiwa tumbo jeupe linapotelea kwenye mwangaza wa juu. Tufanye hesabu ndogo ya kubuni. Tuseme mwanga unaoshuka kutoka juu ni 100, na mwanga unaorudi kutoka chini kwenda juu, baada ya kutawanywa na maji, ni 3. Kiasi halisi hubadilika na maji, lakini daima kinachorudi ni sehemu ndogo tu ya kinachoshuka. Tumbo la papa haliangazwi na zile 100, kwa sababu mwili wake mwenyewe umezizuia. Linaangazwa na zile 3. Hata lingekuwa jeupe kama kioo, lisipoteze chochote, lingerudisha chini 3, huku maji ya pembeni yake yaking'aa 100. Kwa mtazamaji wa chini papa huyo ni doa jeusi angani. Weupe umemwondoa kwenye weusi kabisa ukamleta kwenye weusi kidogo, nafuu ambayo huonekana zaidi akitazamwa kwa mshazari, au kwa mbali katika maji yenye ukungu. Kumfuta hauwezi.

Njia ya kumfuta ipo, nayo ni kuwasha taa. Kilindini wapo papa wadogo wenye vitoa-mwanga vingi sana kwenye ngozi ya tumbo, ambavyo huwaka kwa buluu hafifu inayokaribia mwanga unaoshuka kutoka juu. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba hata aina moja ya papa anayefikia karibu mita 1.8, aliyevuliwa kwenye maji ya New Zealand, hutoa mwanga huo, na ndiye mnyama mkubwa kuliko wote wenye uti wa mgongo anayejulikana kuwaka. Kama rangi nyeupe ingetosha, sioni kwa nini mwili ungegharimia taa.

Na kabla hatujaondoka baharini, tahadhari moja. Mgongo mweusi waweza kuwa na sababu isiyohusu macho ya mtu yeyote. Katika miaka ya 1990 ilionekana kwamba watoto wa papa wenye kichwa cha nyundo, wakiwekwa kwenye mabwawa ya kina kifupi huko Hawaii, ngozi yao iliiva kwa jua ikawa nyeusi zaidi, na pale iliposetiriwa jua lisipige ilibaki imepauka. Ni kuiva kwa jua kwa kawaida, kama sisi. Kwa hiyo ukiona mnyama mweusi juu na mweupe chini, hujathibitisha bado kwamba anazima kivuli. Umeona tu kwamba juu ni tofauti na chini. Thayer mwenyewe alishindwa kujizuia hapa. Kufikia 1909 alikuwa akidai kwamba karibu kila rangi ya kila mnyama ni ya kujificha, hadi heroe, ambao aliwaona wa waridi ili wapotelee kwenye anga la machweo. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu urais wa Marekani na aliyependa wanyama na ugomvi kwa kiasi sawa, alimshambulia vikali kwa hilo.

Tupande nchi kavu. Ayala ni wale wanyama wa Amerika, Ulaya na Asia ambao madume wao huota pembe za matawi na kuziangusha kila mwaka. Wako wanaowaita kulungu, ingawa kulungu wetu ni mnyama mwingine. Mtoto wa ayala mwenye mkia mweupe, wa Amerika, huzaliwa na manyoya ya kahawia yenye wekundu na madoa meupe yapatayo 300. Mama yake humwacha peke yake sehemu kubwa ya siku na kurudi mara chache kumnyonyesha. Siku zake za mwanzo ulinzi wake mkubwa ni kulala. Anajikunja, anashusha shingo na kichwa chini, hatikisiki. Akishtushwa, badala ya moyo kwenda mbio, mapigo yake hushuka na pumzi hupungua. Ndiyo maana watu huweza kumkaribia hadi kumshika, wakadhani ametupwa, wakambeba na kumtenganisha na mama aliyekuwa jirani.

Wekundu wa manyoya ungeonekana kama kosa katikati ya majani mabichi, lakini tunasema hivyo kwa macho yetu. Mbwa mwitu na paka wakubwa wana aina mbili tu za seli za rangi jichoni, si tatu kama sisi, na kwao kahawia-nyekundu na kijani hukaribiana sana. Kinachobaki cha kuficha ni mwangaza na giza, na hapo ndipo madoa yanapoingia.

Simama chini ya kichaka chenye majani mengi siku ya jua utazame ardhini. Vidoa vya mwanga vilivyopo ni vya mviringo, hata kama nafasi kati ya majani ni za pembepembe. Sababu ni kwamba kila katundu kadogo hufanya kazi kama tundu la kamera ya kale, na kinachoangukia chini ni picha ya jua lenyewe. Upana wa picha hiyo ni takriban sehemu moja ya 107 ya umbali kutoka kwenye tundu. Majani yakiwa mita 1 juu, doa linakuwa na upana wa karibu sentimita 1. Madoa ya mtoto wa ayala nayo ni ya kadiri hiyo. Sitaki kuifanya hesabu hii kuwa uthibitisho, ila inaeleza kwa nini madoa yanamfaa anayelala chini ya vichaka vifupi. Manyoya ya majira ya baridi yanapoota, mtoto akiwa na miezi michache na anaweza kukimbia, madoa hutoweka.

Je, madoa hayo yanavunja umbo? Hapa nitapingana kidogo na maelezo ya kawaida. Mengi yako katikati ya ubavu, mbali na ukingo, na yanachofanya ni kuiga mandhari na kulitawanya jicho ndani ya mwili. Lakini iko safu inayofuata uti wa mgongo kila upande, na mtoto akiwa amejikunja, mstari wa mgongo ndio ukingo wake wa juu kwa anayemtazama kutoka ubavuni. Safu hiyo ndiyo yenye haki zaidi ya kuitwa ya kuvunja umbo. Tofauti hii yaweza kusikika kama ya watu wanaopenda kugawanya nywele. Siyo, na waliotuonyesha kwamba siyo ni nondo wa karatasi.

Kwanza tuelewe ukingo unavyoonekana. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haipeleki picha tupu kwenye ubongo. Seli zake hulinganisha nukta moja na majirani zake, na pale mwangaza unapobadilika ghafla hupiga kelele. Nukta za kelele zikijipanga kwenye mstari mrefu usiokatika, ubongo unasema huo ni mpaka wa kitu. Nondo wa kahawia aliyetua juu ya gome la kahawia bado ana tatizo hili: bawa lake ni la rangi moja, gome lina mapengo na michirizi, na pale bawa linapoishia kuna mstari wa pembetatu iliyonyooka. Sasa weka mabaka meusi yanayokatwa na ukingo wa bawa. Pale baka jeusi linapokutana na mwanya mweusi wa gome, hakuna badiliko, hakuna kelele. Pale penye kahawia iliyopauka dhidi ya gome lililopauka, vivyo hivyo. Ukingo wa kweli umekatika vipandevipande. Wakati huohuo, ndani ya bawa, mpaka kati ya baka jeusi na kahawia unapiga kelele kubwa, na mpaka huo haufuati umbo la nondo yeyote. Jicho linashika mstari wa uongo na kuuachia wa kweli.

Wazo hilo lilikuwapo tangu Thayer, na mtaalamu wa wanyama Hugh Cott alilieleza kwa kina mwaka 1940, lakini kwa miaka mingi lilisimama juu ya picha nzuri na hoja nzuri. Mwaka 2005 Innes Cuthill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walilipima. Walikata pembetatu za karatasi mfano wa nondo aliyetua na kuzichapa kwa rangi mbili, nyeusi na kahawia, zilizotokana na picha za magome ya mwaloni. Kila pembetatu iliwekewa buu mfu wa mende wa unga, ikabanwa kwa pini kwenye shina la mwaloni katika msitu wa Leigh karibu na Bristol. Kisha ndege wakaachiwa.

Ujanja ulikuwa kwenye mabaka. Kundi moja lilikuwa na mabaka yaliyokatwa na ukingo. Kundi jingine lilikuwa na mabaka ya namna ileile, ila yamesogezwa ndani ili yasiuguse ukingo. Kwa hiyo makundi yote mawili yalifanana na gome kwa rangi, na mengine yalikuwa ya rangi moja tupu. Kama siri ni kufanana na gome tu, mabaka ya ndani na ya ukingoni yangepona sawa.

Watafiti walizunguka kukagua mara kadhaa ndani ya saa 24. Kazi hiyo si nyepesi kama inavyosikika, kwa sababu si kila buu aliyetoweka ameliwa na ndege. Buibui humfyonza buu na kuacha ganda tupu, konokono uchi huacha utelezi kwenye karatasi. Waliokwenda kwa njia hizo hawakuhesabiwa kuwa wameonwa na ndege. Baada ya mchujo huo, wenye mabaka ya ukingoni ndio waliodumu zaidi, wakiwashinda wenye mabaka ya ndani na wa rangi moja. Tena ukingoni, mabaka yenye tofauti kali kati ya nyeusi na kahawia yaliwashinda yenye tofauti hafifu. Hilo la mwisho ndilo linaloshangaza: tungedhani mnyama anayejificha anahitaji upole wa rangi, kumbe ukali ukiwekwa mahali pake unaficha zaidi.

Ukali huo una dari. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba tofauti ikizidi ile iliyopo kwenye gome lenyewe, faida hupungua. Nyeupe pe na nyeusi ti juu ya mti wa kahawia inavunja umbo vizuri kabisa, lakini imeshamwita ndege aje aangalie kuna nini.

Ukitaka kupima mwenyewe kwenye picha ya nondo yeyote, iondolee rangi ibaki ya kijivu, kisha fumba macho nusu hadi iwe na ukungu. Fuata ukingo wa bawa kwa ncha ya kalamu. Kama kalamu inapotea kila baada ya milimita chache na kuangukia kwenye michirizi ya gome, ukingo umevunjwa. Kama inateleza hadi mwisho bila kusita, mabaka yale yana kazi nyingine.

Mabaka nayo hayafai kitu nondo akitua vibaya. Michirizi ya gome nyingi husimama wima. Nondo ambaye mistari ya mabawa yake inakwenda kutoka upande hadi upande akikaa kichwa juu, mistari yake inayakata magome kama msalaba, na ukingo wote unarudi kuonekana. Nchini Korea Kusini watafiti walifuatilia nondo wa aina mbili, wakawapiga picha wanapotua na tena baada ya kutulia, kisha wakawapa watu wawatafute kwenye picha hizo. Nondo wengi hawakukaa walipotua. Walitembea kidogo, wakajizungusha, wakakaa upya, na walipokwisha kutulia watu walipata shida zaidi kuwaona kuliko mwanzo. Nondo hajioni mgongo. Kazi iliyofuata ilionyesha kwamba sehemu ya taarifa anaipata kwa kugusa: anausikia mwelekeo wa mifereji ya gome chini ya mwili wake, na kugeuka hadi akae nayo sawa.